Lipu ya ndani ya tenki la maji: wotaprufu pakiti moja au mbili kwa mfuko? Na saruji kiasi gani?

Mdau_wa_Goba:
Wadau habari za jioni. Nina tenki la chini la kuvunia maji ya mvua hapa Goba, ndani ni mita 3 kwa 2, kina mita 2, ukuta wa tofali za inchi 6 zimejazwa zege na nondo, sakafu ni zege tayari imekauka. Sasa tumefika kwenye lipu ya ndani na kila mtu ana lake. Fundi wangu anasema moja kwa moja, yaani karai la saruji kwa karai la mchanga, halafu pakiti mbili za wotaprufu ya unga kila mfuko "ili iwe kali". Muuza duka kaniambia pakiti moja ya kilo moja kwa mfuko inatosha. Shemeji yangu yeye anasema achana na unga chukua ya maji kwenye dumu. Pesa ipo ya kufanya mara moja tu sio kurudia. Nani yuko sahihi?

SarujiTupu:
Fundi wako yuko sahihi kwenye saruji, tenki sio ukuta wa sebuleni, saruji ikiwa nyingi maji hayapiti, basi. Na usikubali 32.5, weka 42.5. Wotaprufu mimi naona ni biashara ya maduka tu, mabwawa ya zamani yalijengwa bila hizo pakiti na yanashika maji hadi leo.

Neema_K:
Samahani naomba kuuliza, mimi tenki langu ni lile jeusi la plastiki lita elfu tano limepata ufa karibu na mdomo wa bomba, hiyo wotaprufu naweza kupaka kwa juu ikashika?

FundiMnyonge:
@Neema_K hapana dada, saruji haishiki kwenye plastiki, itabanduka yote. Hilo tafuta watu wa kuchomelea plastiki kwa moto.

@Mdau_wa_Goba sasa wewe. Muuza duka kakupa jibu zuri kuliko fundi. Hizo pakiti za unga nyingi zimeandikwa kilo 1 kwa mfuko wa kilo 50, yaani asilimia mbili ya uzito wa saruji. Ona hapo, inapimwa kwa saruji, sio kwa mchanga wala kwa ukubwa wa tenki. Mfuko mmoja pakiti moja, nusu mfuko nusu pakiti, ndo hivo. Ukiweka mbili haiwi kali, ule unga kazi yake kubwa ni kuyakataa maji, ukizidi unayakataa hata yale maji ambayo saruji inayataka ili ishike, lipu inachelewa kukaza, inakuwa na hewa ndani, na ikikauka ukipitisha kucha inatoa vumbi.

Kuhusu moja kwa moja, huo ndo ugonjwa mkubwa zaidi. Saruji ikikauka inajivuta, na mchanga ndo unaoizuia isijivute sana. Ukiwa na saruji nyingi hivyo utapata nyufa nyembamba kama nywele ukuta mzima, na maji hayahitaji mlango, ufa wa unywele unayatosha. Hata ungekuwa na wotaprufu ya dunia nzima ndani ya ile lipu, haizibi ufa. Nenda moja kwa tatu.

SarujiTupu:
Moja kwa tatu ni ya nyumba bwana. Mimi tenki langu limepigwa moja kwa mbili na halivuji.

FundiMnyonge:
Moja kwa mbili sikukatazi, ukiwa na mtu wa kumwagilia asubuhi na jioni na maji ya kuchanganyia yakiwa machache itakaa. Ninayoikataa ni moja kwa moja. Na kuhusu mabwawa ya zamani umesema kweli nusu, yalishika kwa sababu lipu ilikandamizwa, maji kidogo, na ikamwagiliwa muda mrefu. Wotaprufu haiondoi kazi hiyo, inaongezea tu. Ila 42.5 kwa lipu sio lazima, 32.5 iliyo mpya na kavu ni bora kuliko 42.5 iliyolala stoo ikaanza kutoa mabonge.

Mdau_wa_Goba:
Asante fundi. Sasa moja kwa tatu kwa ndoo ni ngapi maana hapa saiti karai zenyewe hazilingani, moja limepinda lingine kubwa. Na ninunue mifuko mingapi?

FundiMnyonge:
Achana na karai, tumia ndoo ya lita 20. Mfuko wa kilo 50 ukiumwaga ni kama lita 35, kwa hiyo mara tatu ni lita 105, yaani ndoo 5 za mchanga zilizosawazishwa juu kwa kibao. Ila mchanga ukiwa na unyevu unavimba, ndoo inaonekana imejaa kumbe mchanga wenyewe ni mdogo, hapo ongeza ndoo ya sita. Mchanga uliokauka kabisa baki na tano. Na ulowane au usilowane, uchekeche.

Tenki lako nimepiga hesabu hivi: kuta nne ni mita za mraba 20, sakafu 6, jumla 26. Lipu mikono miwili, wa kwanza milimita 12 na wa pili 8, jumla sentimita 2. Hiyo ni kama nusu mita ya ujazo ya lipu iliyokwisha kukandikwa, ukiweka na kupungua kwa mchanganyiko na kinachodondoka inakuja mifuko 5. Ongeza mmoja wa niru na mmoja wa akiba, nunua 7. Wotaprufu pakiti 5 za lipu, ukinunua 7 hujakosea.

Kuchanganya: unga unachanganywa na saruji ikiwa kavu kwanza, kabla ya mchanga, kabla ya maji. Wakikuwekea unga kwenye pipa la maji utaona utando mweupe unaelea juu, hiyo pesa imeelea, haitaingia kwenye lipu sawasawa. Ukiona mtu anafanya hivyo msimamishe.

Shemeji_Dumu:
Mimi ndo shemeji 😅. Ya maji ni rahisi zaidi, unamwaga tu kwenye maji ya kuchanganyia, haina shida ya kuelea. Mimi huweka kikombe cha chai kwa ndoo ya maji.

FundiMnyonge:
Shemeji, urahisi nakubaliana na wewe, inajigawa vizuri kuliko unga, na mafundi wavivu hawawezi kuisahau kwa sababu dumu liko mbele yao. Tatizo ni hicho kikombe. Za maji hazifanani, kuna dumu limeandikwa mililita 200 kwa mfuko, kuna lingine lita nzima kwa mfuko, kuna nyingine unaizimua kwanza kwa maji mengi ndo unachanganyia lipu. Kipimo cha dumu moja ukikihamishia jingine unaweza kukosea mara tano. Na ndoo ya maji haina kipimo maalumu, siku ya mchanga mbichi mfuko unakunywa maji machache kwa hiyo wotaprufu inapungua, siku ya mchanga mkavu inazidi. Pima kwa mfuko kila mara. Dumu litikiswe kwanza, maana dawa hukaa chini.

Kati ya hizo mbili mimi kwa mita 26 ningechukua unga wa pakiti kwa sababu kosa lake ni gumu kulifanya, pakiti ni moja, mfuko ni mmoja. Zote mbili pamoja usiweke. Na yoyote utakayochagua soma kama imeandikwa inafaa kwa maji ya kunywa.

Kigamboni_Pwani:
Naomba niingie kidogo. Mimi niko Kigamboni, tenki la chini, lipu moja kwa tatu na pakiti moja kila mfuko kama mnavyosema, lakini mvua za masika zikija lipu inavimba kwa ndani na kubanduka vipande vipande hata tenki likiwa tupu. Au nilipigwa pakiti feki?

FundiMnyonge:
Pakiti yako inaweza kuwa nzima kabisa. Kama kuchimba kidogo tu unakutana na maji, basi masika maji ya ardhini yanapanda na kusukuma kutoka nje kuja ndani, na lipu ya ndani inaweza kupambana na maji yanayoisukuma ukutani, sio yanayoibandua kutoka mgongoni. Hapo kuongeza wotaprufu hakusaidii. Ilitakiwa izibwe nje kabla ya kufukia udongo. Sasa hivi jaribu kutoliacha tupu masika, maji ya ndani yasukumane na ya nje, maana tenki tupu linaweza hata kuinuka lenyewe. Na mchanga ulitoa wapi? Kama ni wa ufukweni chumvi yake nayo inasumbua.

Kigamboni_Pwani:
Mchanga sijui kwa kweli, lori lilileta usiku.

Mdau_wa_Goba:
Mimi huku juu nilichimba hadi chini pakavu kabisa, nashukuru. Swali la mwisho: mkono wa pili nao unawekwa wotaprufu? Na niru je?

FundiMnyonge:
Yote miwili, ila usiuache wa kwanza ukae siku nyingi. Ukikauka kabisa ukiwa na ule unga unakataa maji, na mkono wa pili hautashika vizuri. Ukwaruze mistari ungali mbichi, kesho yake piga wa pili. Kona zote usiache pembe kali, chukua chupa ya soda uviringishe iwe duara, nyufa nyingi za tenki huanzia pale ukuta unapokutana na sakafu.

Ustaadhi_wa_Saiti:
Niru mimi sikubali kuwekewa wotaprufu, saruji tupu na maji, ikandamizwe kwa mwiko wa chuma basi. Nikiweka naona inateleza haishiki.

FundiMnyonge:
Tunatofautiana hapo ustaadhi, mimi naiweka nusu kipimo na inashika nikiipiga lipu ikiwa bado mbichi. Nimeona za kwako pia zinakaa.

Kumwagilia ndo msiache: funika juu, mwaga maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Baada ya hapo jaza theluthi, lala nayo, jaza theluthi nyingine, usilijaze lote kwa mpigo. Likijaa liache siku mbili tatu ukuta unywe, halafu chora alama kwenye usawa wa maji na upime baada ya saa 24. Kwa sakafu yako kila sentimita 1 inayoshuka ni lita 60, kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Maji hayo ya kwanza yamwage, yana ladha ya saruji.

SarujiTupu:
Likishuka sentimita 2 je?

FundiMnyonge:
Liache likiendelea kushuka hadi lisimame. Pale maji yanaposimama ndo usawa wa ufa, au juu yake kidogo. Likisimama juu ya kona ya sakafu, kagua bomba la kutokea kwanza.