Tokeni inanunulika lakini haiuziki: naombeni jibu kabla ya kesho saa sita

Kutoka: Wa Nyegezi (Leicester, kwa sasa yuko Mwanza)

Mwangaluka wana Mwanza, na wakubwa shikamooni.

Niko nyumbani likizo tangu Jumamosi. Jana jioni nilikwenda Mwaloni Kirumba kumwona mdogo wangu anapouza dagaa. Mwezi uliopita nilimtumia dola 450 za kuongezea mtaji, nikategemea kukuta magunia. Magunia ni yale yale ya zamani. Hela aliiweka kwenye tokeni moja ya mtandaoni aliyoinunua kwa PancakeSwap, na sasa anazo 90,000. Simu yake inaonyesha zina thamani ya dola 2,300.

Tatizo ni kuuza. Nimekaa naye juu ya gunia nikitazama kioo cha simu. Anaandika kiasi, anabonyeza, kiduara kinazunguka, halafu yanatoka maandishi mekundu: `PancakeRouter: INSUFFICIENT_OUTPUT_AMOUNT`. Akapunguza hadi nusu, hadi robo, hadi tokeni 1,000. Jibu ni hilo hilo. Kununua zaidi kunakubali mara moja.

Admini wa kundi lao la Telegramu anamwambia pochi yake "haijafunguliwa kuuza", alipe sarafu ya mtandaoni ya BNB, 0.2, afunguliwe, mwisho kesho saa sita mchana. Dogo ananisihi nimlipie. Mama hajui lolote. Nilipe au nisilipe?

Kutoka: Wa Igoma (Dallas)

Pole sana mdogo wangu. Mimi tokeni za mama nanunua mwenyewe kutoka huku kila mwisho wa mwezi, namtumia zile tarakimu 20 kwa meseji. Iliwahi kugoma, tukaja kugundua nimeandika namba ya mita ya mpangaji. Hebu mwambie aangalie mita upya kabla hujatoa hela nyingine. Ila dola 450 za umeme ni nyingi mno, anaendesha friji la samaki?

Kutoka: Wa Pasiansi (Oslo)

Dada wa Igoma, hapa si umeme, ni sarafu za mtandaoni.

Kaka, tusikimbilie kusema ni wizi. Tokeni nyingi zina kodi inayokatwa kila muamala, na huo ujumbe maana yake ni kwamba slipeji, yaani asilimia ya upungufu wa malipo anayoikubali, iko chini. Aende kwenye mipangilio aiongeze hadi 12 au 15, itapita. Mimi nimeshauza hivyo mara kadhaa. Na siku nyingine auze kidogo kwanza kabla ya kuweka hela kubwa. Ikiuzika, basi ni salama.

Kutoka: Wa Nyegezi

Asante kaka. Tumeweka 15, tukaenda hadi 40. Imegoma.

Hilo la kujaribu alilifanya. Siku ya kwanza alinunua tokeni 2,000 akaziuza palepale, hela ikarudi imepungua kidogo tu. Ndiyo maana akaingiza zote. Anwani ya tokeni nimemtumia dada wa Bwiru pembeni, maana kazi yake ni kukagua mikataba ya namna hii.

Kutoka: Wa Bwiru (Toronto)

Kaka, usitume hiyo BNB. Mkataba nimeusoma kwenye BscScan, tovuti ya kutazamia mikataba na miamala ya mtandao wa BNB, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu nawajua wengine humu ndani wenye ndugu kwenye kundi lile lile.

Kwanza, anayemkatalia dogo si soko. Kila tokeni ina programu yake yenyewe, ndiyo huo mkataba, na ndiyo inayoandika nani anazo ngapi. Ukinunua, tokeni zinatoka kwenye kapu la soko kuja kwako. Ukiuza, zinatoka kwako kurudi kapuni. Kapu hilo lina anwani inayojulikana, kwa hiyo aliyeandika programu anaweza kuiagiza: zikitoka kapuni ziache, zikienda kapuni zikamate. Wapo wanaoandika katazo la moja kwa moja, na hapo mara nyingi utaona `TransferHelper: TRANSFER_FROM_FAILED`. Huyu wa kwetu ametumia kodi. Kipande chenyewe ni hiki:

```
function setSellFee(uint256 x) external {
    require(msg.sender == _dev);
    sellFee = x;
}
```

Kodi ya kuuza inabadilishwa na mtu mmoja, wakati wowote, bila kikomo. Mkataba wa mtu mwenye nia njema ungekuwa na mstari unaosema `x` isizidi 5 au 10. Angalia pia kuwa haulizi `owner`, unauliza `_dev`. Kundini walijisifu kwamba umiliki umeachwa, na kweli ukifungua `owner` unakuta masifuri matupu. Ila ufunguo wa kodi uko mfuko mwingine.

Dogo alipofanya jaribio lake, kodi ilikuwa 5. Siku nne baadaye anwani ile ya `_dev` iliita `setSellFee`, na leo kwenye `Read Contract` inasomeka 99. Jaribio lake lilikuwa la kweli kwa siku ile, na lisingeweza kumwambia kitu kuhusu siku ya nne.

Sasa kaka wa Pasiansi, hesabu ya slipeji. Akiuza 90,000, mkataba unakata 89,100 na kuzipeleka kwenye pochi yao. Kapuni zinafika 900. Soko linapiga hesabu ya malipo ya 900, linalinganisha na kiwango cha chini ambacho dogo alisema atakubali, linaona hakifikiki, linarudisha kila kitu nyuma. Huo ndio ujumbe mwekundu. Akilegeza hadi ipite, atapata dola 23 au pungufu, na zile 89,100 zitakuwa mikononi mwa mtu asiyekatwa kodi, ambaye ataziuza yeye. Naomba asilegeze tena.

Zile dola 2,300 ni bei ya mwisho mara 90,000, basi. Bei inapanda kwa sababu watu wananunua na karibu hakuna anayeweza kuuza. Tazama chati yake: mishumaa ya kijani kutoka siku ya kwanza hadi leo. Kapuni mna BNB 31 kwa watu wote, na ukwasi, yaani hiyo hela ya kapuni, haujafungwa, kwa hiyo aliyeuweka anaweza kuuondoa leo usiku.

Kuhusu "kufunguliwa", nisiseme kwamba kifundi haiwezekani. Mkataba unayo orodha ya anwani zisizokatwa. Nimezikuta 3, na zote hela yao ya kwanza ya gesi, yaani ada ya miamala, ilitoka kwenye pochi iliyounda tokeni. Hizo ndizo zinazouza uza kila siku, ili mtu akichungulia aone mauzo yapo. Sijaona hata mnunuzi mmoja aliyeongezwa humo.

Kutoka: Wa Kirumba (Dubai)

Dada wa Bwiru, Mungu akubariki. Mimi nililipia huko kufunguliwa mwaka jana, tokeni nyingine, maneno yale yale. Nikaambiwa bado "amana ya uhakiki". Nikatuma. Ikaja "kodi ya serikali". Hapo nikaacha, nikiwa nimeshatoa zaidi ya nilichonunulia. Kisha wakanifuata watu wengine wakisema wao hurudisha fedha zilizoibwa, na jina langu kamili wanalijua.

Hata ile SQUID ya 2021, iliyojipa jina la tamthilia ya Kikorea, ilikuwa hivyo hivyo. Watu walinunua na kuuza hawawezi, bei ikapita dola 2,800, na tarehe 1 Novemba ikaanguka hadi karibu na sifuri ndani ya dakika chache. Nilisoma habari ile wakati ule nikasema hao ni wageni na mambo yao.

Kaka wa Nyegezi, nani alimwingiza dogo? Nauliza kwa sababu mimi niliingizwa na mtu wa humu humu, wa chama chetu cha misiba.

Kutoka: Wa Pasiansi

Dada nimekuelewa, na ushauri wangu wa slipeji naufuta. Ila bado nashikilia kwamba kodi peke yake si ushahidi wa wizi. Nina tokeni yenye kodi ya 3, mwaka wa pili naiuza bila shida. Na zipo tovuti zinazojaribisha kununua na kuuza kwa ajili yako, kama honeypot.is. Hizo nazo hazifai?

Kutoka: Wa Bwiru

Zinafaa, kwa kadiri yake. Hiyo honeypot.is inaigiza kile alichokifanya dogo siku ya kwanza: inanunua, inauza, inakupa asilimia iliyokatwa sasa hivi. Ikikuambia 99, umepona. Ikikuambia 5, bado hujajua 5 hiyo itadumu hadi lini. Siku aliyonunua dogo ingetoa jibu zuri kabisa.

Mimi huangalia vitu viwili kabla ya hapo. Kama mkataba haujawekwa wazi kusomwa, sigusi. Ukiwa wazi, natafuta nani anaweza kubadilisha kodi na mwisho wake ni ngapi. Yako ya 3, kaka, nitumie anwani. Kama kikomo kimeandikwa ndani na hakuna njia ya kuubadilisha mkataba wenyewe, nitakubaliana nawe. Halafu nafungua orodha ya miamala na kuhesabu pochi zilizouza. Siangalii mauzo ni mangapi, naangalia ni ya watu wangapi tofauti, na kama watu hao walinunua kawaida sokoni. Hapa, tangu kodi ipandishwe, wanunuzi ni 412, wauzaji 3.

Kaka wa Nyegezi, jambo moja la haraka. Admini alimpa dogo kiungo chochote cha kuunganisha pochi?

Kutoka: Wa Nyegezi

Alimpa, jana. Dogo alikifungua akaunganisha, kikamwomba aidhinishe USDT, zile sarafu za mtandaoni za thamani ya dola. Aliogopa akafunga. Anasema hakubonyeza.

Kutoka: Wa Bwiru

Tusitegemee kumbukumbu. Aende BscScan, `Token Approvals`, aweke anwani yake. Akikuta ruhusa ya USDT kwa anwani asiyoijua, aifute mara moja. Ruhusa ikiwepo wanaweza kuchota USDT yoyote itakayoingia humo hata mwezi ujao. Na msiingize hela mpya kwenye pochi hiyo mpaka mhakikishe.

Kutoka: Wa Nyegezi

Tumeangalia usiku huu, sebuleni, mama akiwa jikoni. Ruhusa ya USDT haipo. Iliyopo ni ya ile tokeni yenyewe kwa PancakeSwap, alipokuwa akijaribu kuuza. BNB sikutuma. Saa sita ilipita, admini akamwongezea muda hadi Ijumaa, dogo akatoka kundini.

Dada wa Kirumba, jina la aliyemwingiza amenitajia. Ni mtu tunayemheshimu wote humu, na dogo anasema naye ana tokeni zilizokwama, kanionyesha na picha ya kioo. Sijui kama ameibiwa kama sisi au ni mmoja wa zile pochi 3. Anwani yake dogo hana. Nimempigia mara mbili, hajapokea.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Dogo naye aliwaingiza wawili hapo Mwaloni, mmoja ni mama muuza dagaa wa kibanda cha pili, aliyetoa shilingi 300,000 za ada ya mtoto. Leo asubuhi alimuuliza dogo mbele yangu kama bei imepanda tena. Imepanda. Dogo hakumjibu. Kesho nakwenda naye kumweleza, na ile 300,000 nafikiri tuitoe sisi, ila mke wangu huko Leicester anasema tukilipa mmoja tutalipa wote. Wakubwa mnasemaje?