Picha yangu ya bango: nibakize kidoti, kovu na baka lipi ili nibaki mimi?

BintiShangani
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nina duka la vitenge na kanga. Msimu wa korosho ukianza, wateja wangu wengi hutoka Tandahimba na Nanyamba, na wananijua kwa sura. Wengine hata jina langu hawalijui. Sasa nataka kuweka picha yangu kwenye bango la mlangoni na kwenye kadi za biashara. Picha ninayo, nimejipiga mwenyewe barazani kwa kamera ya mbele ya simu, asubuhi, nikiwa nimejitanda kanga. Naisafisha kwenye laptop kwa Photoshop. Brashi za kufutia nazijua, ninapokwama ni kuamua nifute nini.

Nina kidoti juu ya mdomo. Nina kovu la utotoni linalokata nyusi, hapo nywele hazioti tena. Karibu na taya kuna baka la kuzaliwa, rangi ya kahawa, na nusu yake imefunikwa na kanga. Puani kuna kishimo cha tetekuwanga. Shavuni kuna doa jeusi, mafuta ya maganda ya korosho yalinirukia tulipokuwa tunachoma msimu uliopita. Halafu kidevuni chunusi za wiki hii. Nikifuta vyote napata picha nzuri ya mtu mwingine. Nikiacha vyote, naogopa bango la ukubwa ule litageuka tangazo la makovu. Mnachaguaje?

KakaMasasi
Rahisi tu dada. Ulichozaliwa nacho kiache, kilichokuja baadaye futa. Kidoti na baka vibaki, kovu, tetekuwanga, korosho na chunusi viondoke. Ndivyo ninavyofanya picha za harusi huku Masasi na watu wanafurahi.

MamaNasra
Mwanangu, kidoti usikiguse kabisa! Kuna jirani yangu alipakwa dawa ya mtaani kukitoa, akaishia na kovu kubwa kuliko kidoti chenyewe. Ukitaka kitoke nenda hospitali wakione kwanza.

BintiShangani
Shikamoo mama. Mwilini sitoi kitu, ni kwenye picha tu. Ila nimekusikia.

FundiPichaLindi
Dada, KakaMasasi amepata nusu. Kidoti na baka kweli vibaki, na chunusi ziondoke. Lakini kipimo cha kuzaliwa nacho kinakwama kwenye kovu la nyusi. Umekuwa nalo tangu mtoto, na hao wateja wa Tandahimba hawajawahi kukuona bila hilo. Kwao halina tofauti na kidoti. Mimi najiuliza kitu kingine: mteja akiingia dukani mwakani, atakikuta usoni? Kama atakikuta, sikifuti. Kama kitakuwa kimeondoka, hakina kazi kwenye picha itakayoning'inia miaka.

Kabla hujagusa chochote, ipunguze picha kwenye kioo cha laptop mpaka uso uwe kama sentimita 2, ukubwa utakaokuwa nao kwenye kadi. Angalia ni alama zipi bado unaziona. Kwa ulivyoeleza, nadhani zitabaki kidoti, ule mwanya wa nyusi na pengine doa la shavuni. Hizo ndizo zinazobeba sura yako. Kishimo cha tetekuwanga hakitaonekana, na hakuna anayekutambulisha kwa hicho. Kosa la wengi ni kuchagua wakiwa wameikuza picha asilimia 200. Hapo kila kinyweleo kinaonekana kovu, na hakuna mteja atakayekuona kwa ukaribu huo.

Sasa kufuta na kuacha siyo njia mbili tu, kuna ya katikati. Fungua leya mpya tupu juu ya picha, chukua `Spot Healing Brush`, weka tiki kwenye `Sample All Layers`, halafu kila alama ifute kwenye leya yake. Chunusi ziache zimefutika kabisa. Kishimo cha tetekuwanga kifute, kisha shusha `Opacity` ya leya hiyo mpaka asilimia 50 hivi, kishimo kirudi nusu. Ngozi itabaki ya mtu. Na ukibadili mawazo kesho, unaipandisha au kuishusha tena bila kuharibu picha ya chini.

Kovu la nyusi usilipitishie brashi hiyo hata kwa kujaribu. Inachanganya nywele na ngozi, unapata ukungu wa kijivu, na jicho hukimbilia ukungu kuliko kovu lenyewe. Kama linakusumbua kwa kung'aa, maana kovu laini hurudisha mwanga, punguza ule mng'ao tu. Chukua `Clone Stamp`, weka `Mode` iwe `Darken`, `Opacity` asilimia 20, chota ngozi ya pembeni na upitishe kidogo kidogo. Umbo litabaki, mng'ao utatulia.

Jambo la mwisho. Umejipiga kwa kamera ya mbele. Simu nyingi zinaweza kuhifadhi picha ikiwa imegeuzwa kama kioo. Angalia maandishi ya kanga yako. Yakisomeka kinyume, kidoti chako kimehamia upande wa pili na kovu limehamia nyusi nyingine. Wewe hutaona kasoro kwa sababu kila siku unajiona hivyo kwenye kioo, lakini wateja watahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

BintiShangani
Fundi, nimekimbilia kuangalia. Maandishi yanasomeka kinyume kweli! Nikigeuza ikae sawa, naona kama siyo mimi, pua imeenda upande. Niache ipi?

FundiPichaLindi
Weka inayosomeka. Bango ni la wateja, na wao wanakuona kutoka mbele. `Image`, kisha `Image Rotation`, kisha `Flip Canvas Horizontal`. Igeuze leo, ndiyo uanze kusafisha, na uiache hivyo mpaka kesho uizoee.

Na kwenye simu angalia kama kamera ilikuwa na ule mpangilio wa urembo. Ukiwa umewashwa, simu huwa imeshalainisha ngozi, na vidoti vidogo vimepungua kabla wewe hujafanya lolote. Ukiona mashavu hayana vinyweleo lakini kope na nywele ziko kali, ujue ndivyo. Hapo ni kupiga upya, kilicholainishwa hakirudi.

Mmakonde_wa_Newala
Naomba kuingilia, jambo langu linafanana. Nina picha ya zamani ya marehemu bibi, ana nembo mashavuni na kwenye paji la uso, zile chale za Kimakonde za kitambo. Nilipeleka sehemu isafishwe, imerudi bibi ana uso kama wa mtoto. Nembo zimebaki kama kivuli. Zinaweza kurudishwa?

FundiPichaLindi
Pole sana. Kwenye faili hilo haziwezi, anza tena na picha ya karatasi. Aliyesafisha huenda alilainisha uso mzima kwa mkupuo mmoja, au alidhani ni uchafu. Kweli kwenye picha kuukuu nukta za chale na nukta za vumbi zinaweza kukuchanganya. Tofauti iko hivi: vumbi na mikwaruzo haijui mpaka wa uso, utaikuta hadi kwenye nguo na ukuta wa nyuma, na mara nyingi ni myeupe. Nembo ina mpango. Mistari inafuata mviringo wa shavu, na kilichopo shavu la kulia mara nyingi utakikuta na la kushoto. Kaa na mzee aliyemjua bibi, akuonyeshe mistari kwenye karatasi kabla mtu hajashika kompyuta. Kisha safisha ukuta na nguo kwanza, uso mwishoni, nukta moja moja. Mahali usipo na uhakika, acha.

Mmakonde_wa_Newala
Asante. Mama yupo, anaikumbuka kila chale. Nitakaa naye.

KakaMasasi
Kovu la nyusi nakubali, fundi. Ila doa la korosho hujaligusa. Hilo ni jeusi na liko katikati ya shavu. Mimi nafuta.

FundiPichaLindi
Hilo ndilo gumu, ndiyo maana nililiacha. Mafuta ya ganda la korosho huunguza, na pakishapona ngozi hubaki nyeusi. Weusi wa namna hiyo kwa wengi hufifia polepole, miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwa wengine unabaki. Dada, likoje ukilinganisha na lilivyokuwa lilipopona tu? Na ukipitisha kidole, liko sawa na ngozi au limeinuka?

BintiShangani
Liko sawa na ngozi, kidole hakikwami. Limepungua weusi, ila bado watu huniuliza.

FundiPichaLindi
Basi linaelekea kuondoka. Ningelipunguza, nisingelifuta. Na hapa brashi ya kufuta haifai, maana eneo ni pana na itakuletea kiraka cha ngozi ya mahali pengine. Weka leya ya `Curves`, inua mwanga kidogo, geuza maski yake iwe nyeusi, kisha paka rangi nyeupe juu ya doa tu kwa brashi laini. Vinyweleo vyako vinabaki vilevile, weusi tu ndio unapungua. Simama doa linapokuwa katikati ya lilivyo na ngozi ya pembeni. Angalia pia rangi, kwani ngozi nyeusi ikiinuliwa mwanga peke yake hugeuka kijivu. Ukiona hivyo, ingia kwenye `Curves` hiyohiyo, chagua `Red`, uinue kidogo sana.

KakaMasasi
Mimi bado nafuta. Likiisha mwakani, bango litakuwa na doa ambalo yeye hana.

MamaNasra
Na lisipoisha? Mtu ataona bango safi, aingie dukani amkute na doa, aseme dada wa bango yuko wapi.

BintiShangani
Nafikiri nitalipunguza, kisha nimwonyeshe shangazi yangu wa Nanyamba bila kumwambia nimefanya nini. Ila baka la taya mnasemaje? Limekatwa na kanga, linaonekana kama kivuli au uchafu.

FundiPichaLindi
Hapo kusafisha hakutakusaidia sana. Baka linatambulika kwa umbo lake, na lililokatwa nusu halina umbo. Ukilifuta, umetoa alama ya maisha. Ukiliacha, mtazamaji atadhani wino umemwagika. Na kwa kuwa kanga bado unayo, jipige tena asubuhi saa zilezile barazani, mpangilio wa urembo ukiwa umezimwa, kanga uivute nyuma baka lote lionekane, au uilete mbele lifunikwe lote. Kwa mavazi yako ya kila siku dukani huwa linaonekana?

BintiShangani
Huwa linaonekana. Nitaivuta nyuma.

FundiPichaLindi
Vizuri. Na ukipeleka kwa mchapaji wa mabango, mpe faili la mwisho na umwambie kwa mdomo asiuguse uso. Wengine hulainisha nyuso kwa mazoea bila kuulizwa. Omba uone picha kwenye kompyuta yake kabla hajachapa, na uangalie vitu viwili tu: kidoti kiko upande wake, na mwanya wa nyusi upo.