Mkeka wa kubeti umetiki, nimekatwa 66,750. Kwa nini Uingereza mshindi hakatwi?

Viazi_Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Nauza viazi hapa Uyole, Mbeya. Jumamosi niliweka 5,000, odi zikafika 90, mkeka ukatiki wote. Nilitarajia 450,000, nikalipwa 383,250. Dukani wakasema ni kodi. Binamu yangu aliyeko Uingereza anasema kule ukishinda unachukua zote. Je, nimepunjwa? Na kwa nini wenzetu wanamwachia mshindi?

Mnyalu_Mafinga:
Hujapunjwa, mkuu, ni sheria. Wazungu wanawajali wananchi wao, ndiyo maana hawawakati. Hata Kenya wamefuta kodi ya kubeti mwaka 2025.

Mhasibu_Gangilonga:
Kaka Viazi, piga hesabu mwenyewe. 450,000 toa 5,000 yako, inabaki faida ya 445,000. Asilimia 15 yake ni 66,750. Kwa hiyo wamekata kwenye faida tu. Ungekuta 67,500, ungejua wametoza hadi pesa uliyoweka, na hapo ungekuwa na haki ya kuhoji. Tunza risiti.

Mnyalu, Kenya hawajafuta. Wameondoa ile asilimia 20 ya ushindi, wakaweka asilimia 5 kwenye pesa unayotoa kutoka akaunti ya kubeti. Ukiweka pesa ukaghairi kucheza, ukitoa inakatwa vilevile.

Na Uingereza haikuanza kwa huruma. Hadi mwaka 2001 mchezaji wa kule alikuwa akikatwa asilimia 9, akichagua kulipa wakati wa kuweka au wakati wa kupokea. Mwaka 1999 kampuni moja kubwa ikahamishia shughuli zake Gibraltar na kupokea dau kwa simu bila makato hayo. Wachezaji wakaifuata, nyingine zikaanza kufungasha. Serikali ikaona itabaki mikono mitupu. Oktoba 2001 ikaondoa kodi kwa mchezaji, ikaitoza kampuni asilimia 15 ya kile kinachobaki baada ya kulipa washindi.

Mama_Junior_Makambako:
Samahani kwa kuingilia. Mimi nimetumiwa ujumbe kwamba nimeshinda bahati nasibu milioni tano, nitume kodi 45,000 kwanza kwenye namba ya mtu. Sijawahi kucheza. Nitume?

Mhasibu_Gangilonga:
Usitume, dada, ni matapeli. Kodi ya ushindi wa pesa hukatwa ndani ya zawadi yenyewe kabla hujaipokea. Na malipo ya TRA huenda kwa kontro namba, hayaendi kwenye simu ya mtu. Wazuie, kisha toa taarifa kwa mtandao wako wa simu.

Kijana_Tunduma:
Tuachane na Uingereza. Hapa kwetu kampuni inalipa na mshindi analipa. Si kutozwa mara mbili?

Mhasibu_Gangilonga:
Wanaotozwa ni wawili tofauti, lakini pesa zinatoka kwenye kapu lilelile la wachezaji, kwa hiyo swali lako lina uzito. Kinachoniuma mimi ni kwamba kodi ya mshindi inaangalia mkeka mmoja mmoja.

Chukua mtu aliyeweka mikeka kumi ya 10,000, jumla 100,000. Minane imechanika, miwili imelipa 50,000 kila mmoja. Amerudishiwa 100,000 yake, hana faida hata shilingi. Lakini kila mkeka ulioshinda una faida ya 40,000, unakatwa 6,000. Anaondoka na 88,000. Mikeka iliyochanika haihesabiwi popote. Ukitoza kampuni, kwa mtu huyu imebakiwa na sifuri, hivyo kodi ni sifuri.

Sasa utasema basi serikali impunguzie mchezaji hasara zake. Hapo ndipo ugumu ulipo. Wachezaji wote kwa pamoja hupoteza, maana kampuni ndiyo inayobaki na faida. Ukiruhusu kila mtu atoe hasara, hutabaki na cha maana cha kutoza, na utahitaji kukagua mikeka ya mamilioni ya watu. Kampuni ni chache na vitabu vyao vinakaguliwa.

Mnyalu_Mafinga:
Kwa hiyo kumbe nilisema kweli, kule mchezaji halipi.

Mhasibu_Gangilonga:
Halipi kwa kukatwa. Kampuni ikitozwa inaweza kujifidia kwenye odi. Mechi ambayo kila upande una nafasi nusu ingestahili odi 2.00, ila utaikuta 1.85. Kwa dau la 10,000, huo ni upungufu wa 1,500 kwenye malipo ya mshindi, na hakuna risiti inayoonyesha ni kiasi gani kati yake ni kodi na kiasi gani ni faida ya kampuni. Angalau makato ya Viazi yanaonekana.

Kijana_Tunduma:
Ndiyo maana mimi nachezea tovuti ya nje. Hawakati kitu.

Mhasibu_Gangilonga:
Haina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Siku wakigoma kukulipa, utamlalamikia nani? Uingereza nao mwanya huo wa nje waliuziba mwaka 2014: kampuni ikawa inatozwa kwa kuangalia mchezaji yuko wapi, hata kama ofisi ziko nje ya nchi.

Kijana_Tunduma:
Mpaka sasa wamenilipa kila mara. Na odi zao ni nzuri kuliko za hapa.

Viazi_Uyole:
Asante, mkuu. Nimetoa risiti, kweli wametenga ile 5,000 kabla ya kukata. Ila nina mkeka mwingine niliouuza kabla mechi haijaisha, niliweka 8,000 nikapokea 6,500. Huo nao unakatwa?

Mhasibu_Gangilonga:
Umepokea pungufu ya ulichoweka, faida haipo. Kama risiti ina mstari wa kodi, ipige picha uiweke hapa, ficha namba ya mkeka.