Mdomo uko wazi, picha za chanzo zote zimefumba: meno mnayatoa wapi?

MhaririBagamoyo
Wakuu, kuna shoti ya sekunde 3 tu, fremu 75, imenikwama kooni. Ni filamu yetu fupi. Mwigizaji mkuu hajui kuogelea, kwa hiyo aliyeruka kutoka kwenye jahazi ni dada mwingine, na ameruka huku anapiga ukelele, mdomo wazi mpaka magego. Kazi yangu ni kumvisha sura ya mwigizaji, na wote wawili wameridhia kwa maandishi. Shida ni kwamba picha zote nilizo nazo za mwigizaji amefumba mdomo, na mwenyewe ameshaondoka yuko Mwanza. Halafu ana mwanya. Filamu nzima watazamaji wanauona ule mwanya, hauwezi kupotea anaporuka.

Nimejaribu FaceFusion na `inswapper_128` peke yake: meno yametoka kama utepe mweupe usio na mistari. Nikaongeza GFPGAN juu yake: meno yamekuwa makali, lakini ni meno ya tangazo la dawa ya mswaki, mwanya umezibwa, na yanabadilika fremu hadi fremu kama yanacheza. Mwisho nimeuacha mdomo wa yule aliyeruka kwa kuondoa `mouth` kwenye maski:

```
--face-mask-types box region
--face-mask-regions skin left-eyebrow right-eyebrow left-eye right-eye nose upper-lip lower-lip
```

Hii ndiyo imetulia kuliko zote. Ulimi ni wa kweli, kivuli ni cha kweli. Ila meno si yake. Ninyi mngeenda na ipi?

Daudi_Edits
Mkuu, tatizo ni hiyo picha ya chanzo. Mdomo umefumbwa, sasa kompyuta itajuaje kilichomo ndani? Mwombe picha moja akicheka, iweke hiyo, utaona meno yanakuja yenyewe.

PichaZaHarusi
Hii ilinikuta kwenye picha ya familia, bibi alifumba mdomo kila nilipopiga. Nilitafuta picha yake nyingine ya siku hiyohiyo, nikakata mdomo nikaubandika Photoshop, nikalainisha kingo. Dakika kumi nimemaliza. Kwa nini mnajisumbua na mamodeli?

MhaririBagamoyo
Yangu ni video, ndugu. Fremu 75, na kichwa kinakwenda chini.

Dada_Kompoziti
Daudi, umepata nusu. Ungekuwa unafundisha DeepFaceLab, ningekuunga mkono moja kwa moja: kama ndani ya picha za chanzo hakuna hata moja ya mdomo wazi, ile modeli haijawahi kuona meno ya huyo mtu, na itakupa ukungu hata uifundishe wiki nzima.

Lakini `inswapper_128` haifanyi kazi hivyo. Picha ya chanzo inapitishwa kwanza kwenye ArcFace, inageuzwa kuwa namba 512 zinazoeleza huyu ni nani, na namba hizo zimefundishwa makusudi zisijali kama mtu amecheka au amenuna. Kufunguka kwa mdomo kunatoka kwa yule aliyeruka. Kwa hiyo picha ya kucheka haitamletea mwanya wake. Mwanya haumo kwenye zile namba.

Na hata ungekuwemo, usingeonekana. Uso wote unachorwa kwenye mraba wa pikseli 128, na kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine kuna takriban pikseli 30. Gawa kwa meno manane ya juu, kila jino linapata chini ya pikseli 4. Mwanya wa milimita 2 ni kama pikseli moja. Huo utepe mweupe unaouona umetokea hapo.

GFPGAN inapokea utepe huo na kuubuni upya. Imejifunza kwa FFHQ, picha 70,000 za Flickr, na wengi mle wanaichekea kamera. Haijui mwanya wa mtu wako, inajua meno ya watu kwa jumla. Tena inabuni kila fremu peke yake bila kukumbuka iliyopita, ndiyo maana meno yanacheza. Ukihamia CodeFormer na kupandisha ile `w` karibu na 1, itaheshimu zaidi ulichoipa, na ulichoipa ni utepe. Utarudi ulikotoka.

Mimi ningebaki na njia yako ya tatu, kisha nitengeneze meno ya juu tu kwa mkono.

Daudi_Edits
Sawa dada, nimekuelewa kwenye zile namba. Lakini kwa mkono, fremu 75?

Dada_Kompoziti
Hupaki rangi fremu 75, unatengeneza kiraka kimoja. Mhariri, mwombe mwigizaji ajirekodi kwa simu sekunde kumi, amefungua mdomo kama anayepiga ukelele, jua likiwa upande uleule lilikokuwa siku ya kuruka, na akigeuza kichwa polepole kushoto na kulia. Akutumie WhatsApp kama dokyumenti. Akituma kama video ya kawaida itabanwa, mwanya utakuja umejaa ukungu.

Chagua fremu ambayo kichwa kimekaa karibu sawa na shoti yako. Kata meno ya juu pamoja na ufizi kidogo, yaweke chini ya midomo kwa kutumia ileile maski ya mdomo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanatraki kiraka kwenye mdomo wa juu kwa sababu ndio ulio karibu. Meno ya juu yameshikwa na fuvu, hayafuati mdomo. Yatraki kwenye daraja la pua na pembe za macho. Ya chini ndiyo yanayokwenda na kidevu, na hayo yaache yawe ya yule aliyeruka, hakuna atakayeyatazama. Ukitaka kujua umekosea, rudiarudia sekunde moja ya shoti: mdomo ukipanda na meno yakapanda nao, traki ni mbaya.

Rangi pia. Pima meno na weupe wa jicho. Yakiwa meupe kuliko jicho, yashushe. Chukua mwanga wa mdomo wa asili, utie ukungu mzito, uzidishe juu ya kiraka, ili kivuli cha mdomo wa juu kirudi na meno ya pembeni yafifie kuelekea magego. Nyuma ya meno usiweke nyeusi tupu. Ndani ya mdomo ni wekundu wa giza.

MhaririBagamoyo
Mrejesho. Klipu ilikuja jana. Mara ya kwanza nilitraki mdomo wa juu kabla sijasoma vizuri, meno yakawa yanateleza kama ya bandia. Nimehamia kwenye pua, yametulia. Mwanya upo! Fremu 1 hadi 52 safi kabisa. Kuanzia 53 anageuza kichwa kutazama maji, kiraka kinaonekana kama stika.

Dada_Kompoziti
Kiraka bapa hakivumilii kugeuka sana, mimi huishia kama nyuzi 20. Una klipu ya kichwa kilichogeuka, si ndiyo? Kata kiraka cha pili humo, vipishane taratibu kati ya 50 na 56. Na uongeze ukungu wa mwendo, kichwa kinakwenda kasi pale.

Daudi_Edits
Au akate shoti kwenye 52 aingize maji yakiruka. Kazi imekwisha.

MhaririBagamoyo
Mwongozaji hataki kusikia habari ya kukata. Kiraka cha pili nimejaribu usiku: kwenye 53 na 54, vikiwa vimepishana, zinaonekana mianya miwili.

Dada_Kompoziti
Basi usivipishanishe. Hamia mara moja kwenye fremu yenye ukungu mwingi zaidi. Nitumie 50 hadi 58 nizione, sina hakika kama huo ukungu utatosha kuficha.