Nikimpigia mzee asiyenijua nianzeje, asinione tapeli wala asiye na adabu?

karani_newala:
Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni karani kwenye chama cha msingi cha ushirika, wilaya ya Newala. Minada ya korosho ikianza, kazi yangu kubwa inakuwa simu. Kuna mkulima kapeleka mzigo wake vizuri, mnada umepita, lakini fedha inagoma kuingia kwa sababu jina la benki na jina alilopimia korosho hayafanani. Napewa orodha ya majina na namba, niwapigie waje warekebishe.

Nilivyoelekezwa ni hivi: "Haloo, naongea na nani?" Akishataja jina, nimuombe namba ya akaunti nilinganishe na niliyo nayo. Wazee wananikatia simu. Mmoja wa Kitangari aliniambia, "Binti, umepiga wewe, halafu unaniuliza mimi nani? Kwenu hakuna hodi?" Akipokea mke ndiyo balaa, naulizwa mumewe namtakia nini. Na mimi nataka tu yule mzee apate haki yake.

Naombeni ushauri: maneno ya kwanza yawe yapi? Na shikamoo inafaa kwa sauti nisiyoijua?

kamanda_masasi:
Dada, wazee wako sahihi. Siku hizi namba ngeni ni ya kuogopa. Mimi nikipokea nakaa kimya mpaka mpigaji aseme, na neno "ndiyo" silitamki, maana wanakurekodi sauti halafu wanakomba hela kwenye simu. Jina langu simtajii mtu. Anayenitafuta ananijua.

mwana_tandahimba:
Dada karani, afadhali umejitokeza. Mjomba wangu alipeleka korosho tangu mnada wa pili, wenzake wameshalipwa, yeye bado. Nikikutumia jina lake hapa unaweza kumwangalizia?

karani_newala:
@mwana_tandahimba pole sana kaka, ila jina lake usiliweke hapa. Aende kwenye chama chake na stakabadhi aliyopewa siku ya kupima, pamoja na kadi ya benki. Aombe waangalie herufi kwa herufi. Mara nyingi ni jina la tatu limeachwa, au "Saidi" imeandikwa "Said".

mama_mapokezi_lindi:
Karani mwanangu, hujambo? Nimekaa mapokezi ya hospitali miaka mingi, na kupigia watu wasionijua ndiyo kazi yangu.

Tatizo lako liko kwenye lile swali la kwanza. Anayepiga ndiye anayebisha mlango wa mwenzake, kwa hiyo yeye ndiye anayejitaja. Ukianza na "naongea na nani" umemfanya mwenye nyumba ajieleze kwa mgeni. Kwa mzee wa huku hiyo ni dharau hata kama sauti yako ni ya upole.

Mimi naanza na salamu ambayo haina umri: "Habari za asubuhi," au "Asalaam aleykum" kama najua nyumba ni ya Waislamu. Halafu nanyamaza, namwachia aitikie. Hapo ndipo wengi mnaharibu. Mnasalimia na kuunganisha na shida kwa pumzi moja, mzee hajamaliza hata kusema "salama". Katika ule mwitikio utasikia kama ni mtu mzima, kijana, au mtoto aliyeshika simu ya babu. Ukisikia utu uzima, hapo sasa toa shikamoo. Akiitika "marahaba, hujambo?", jibu hujambo yake kwanza. Ndipo ujitaje, na umwambie namba yake umeipata wapi.

Kwa kazi yako ingekuwa hivi: "Mimi ni karani wa chama cha msingi cha hapo kijijini, mjukuu wako. Namba yako nimeitoa kwenye daftari la wakulima. Samahani kwa usumbufu, una nafasi ya kunisikiliza kidogo?" Akisema yuko shambani, muulize umpigie saa ngapi, kisha upige saa hiyohiyo.

Akipokea mke, usikimbilie "namuomba baba". Msalimie yeye kama yeye ndiye uliyempigia, jitaje cheo chako, taja kuwa ni habari ya korosho, ndipo uulize kama mwenye nyumba yupo. Mwanamke anayesikia sauti ya binti ikimwita mumewe kwa jina tupu, bila salamu, atafikiri nini? Usimwambie habari ya malipo yenyewe, hiyo ni ya mwenye korosho.

Na ile namba ya akaunti acha kabisa kuiomba. Tapeli naye anasalimia vizuri, tena ana shikamoo tamu kuliko yako. Kinachowatenganisha ni kile mnachoomba.

@kamanda_masasi, kukataa kujitaja kwa mtu usiyemjua una haki. Lakini hela ya simu haitoki kwa neno "ndiyo", inatoka kwa namba ya siri. Hiyo ndiyo ya kulinda. Ukikaa kimya, muuguzi anayekutafutia majibu ya mama yako atakata akidhani mtandao mbovu. Sema "Haloo, habari," halafu "Samahani, nani mwenzangu?" Inatosha, na hujatoa kitu.

kamanda_masasi:
Nimekuelewa mama, shikamoo. Ila wanaojifanya wa kampuni ya simu je?

mama_mapokezi_lindi:
Marahaba baba. Huduma kwa wateja wanapiga kwa namba 100. Anayekuja kwa namba ya kawaida akisema ni wa mtandao, mwambie asante, kata, kisha namba yake iripoti kwa meseji kwenda 15040.

mwalimu_nachingwea:
Mama Mapokezi amesema vizuri, ila kwenye shikamoo tunatofautiana. Sauti ya simu inadanganya. Kuna vijana wana sauti nzito, na kuna wazee sauti zao nyororo. Mimi mtu mzima nikipigiwa na kijana wangu akaanza na "habari", naona kanipunguza, hata kama shikamoo itafuata. Karani ana orodha, anajua anampigia mkulima mwenye shamba. Aanze na shikamoo moja kwa moja. Ikimwangukia mdogo wake, atajibu "mimi mdogo wako dada", yataisha.

mama_mapokezi_lindi:
Mwalimu, na ikipokelewa na mkwe wake? Au na mtoto wa darasa la tatu? Orodha inakwambia namba ni ya nani, haikwambii simu imeshikwa na nani.

karani_newala:
Mama, shikamoo, na asante sana. Leo nimempigia tena yule mzee wa Kitangari. Nikasema habari za jioni, nikanyamaza. Akaitika "njema, nani mwenzangu?" Nikatoa shikamoo, nikajitaja na chama. Nikamwambia, "Sihitaji namba yoyote kutoka kwako babu. Malipo yako yamekwama kwa jina. Njoo ofisini na kadi yako ya benki, na kama una wasiwasi na mimi, muulize kwanza katibu unayemfahamu." Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Tukaongea hapo mpaka salio likakaribia kuisha! Kesho anakuja.

Mwalimu, kwa wale ambao orodha inaonyesha ni wazee kabisa nitajaribu ya kwako.

Bado kuna wanaokata kabla sijafungua mdomo, wakiona tu namba ngeni. Hao nafikiria niwatumie meseji kwanza yenye jina la chama. Ila meseji za matapeli nazo zimejaa, na wengine husomewa na wajukuu. Kuna aliyewahi kufanya hivyo ikasaidia?

mwana_tandahimba:
Mjomba kaenda leo. Kweli, ni jina la tatu.