Programu tatu zenye nembo moja ya benki Google Play: ipi ni ya kweli?

Mwanamaji
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Benki yangu (jina naliacha, tuiite Benki Fulani) inafunga programu yake ya zamani ya simu mwisho wa mwezi, wateja tunatakiwa kuhamia mpya. Nimeandika jina la benki dukani zikaja tatu, zote na nembo ileile.

A: nyota 4.6, imepakuliwa 10K+. Picha safi kabisa.
B: nyota 2.9, 5K+. Watu wanalalamika tu.
C: "Mwongozo wa Benki Fulani", 1K+.

Mimi naelekea A. Mwenye uzoefu aseme kabla sijaingiza namba ya siri.

Kipanga
A. Nyota nyingi, waliopakua wengi, hapo hakuna la kujadili. B yenye 2.9 hata ikiwa ya kweli utaitumia ya nini?

Bi Mkubwa
Mwanangu, achana nazo zote. Mimi napiga nyota na reli, salio naliona, pesa natuma, simu yangu haijai. Hizi programu zinakula bando bure.

Kipanga
Bi Mkubwa, swali si bando 😂

Fundi Saini
Mwanamaji, ulichotupa hakitoshi kulinganisha chochote. Naomba vinne. Kwanza, A imekaa juu yenyewe au ina lile neno dogo la tangazo la kulipiwa pembeni? Pili, umejuaje kwamba ya zamani inafungwa? Tatu, hiyo ya zamani bado unayo kwenye simu? Nne, fungua ukurasa wa kila moja, bonyeza kushiriki, kisha nakili kiungo. Mwishoni utaona `details?id=` na maneno baada yake. Hayo maneno ndiyo tunayotaka. Jina, nembo na picha mtu yeyote anaweza kuiga, ila hicho kitambulisho hakiwezi kuwa cha programu mbili ndani ya Google Play.

Sultani wa Tofaa
Nunua iPhone ulale usingizi. Kwenye App Store kila kitu kinakaguliwa na watu, huu upuuzi haupo.

Fundi Saini
Sultani, mwaka 2021 gazeti la Washington Post liliandika habari ya mtu aliyepakua programu ya Trezor, watengenezaji wa pochi za bitkoini, kutoka App Store hiyohiyo, akaingiza maneno yake ya kurejesha pochi, zikaondoka bitkoini 17.1. Wakati huo Trezor hawakuwa na programu yoyote ya iPhone. Ile bandia iliombewa kibali kama kifaa cha kufunga mafaili kwa siri, na baada ya kupita ukaguzi ikageuzwa kuwa pochi. Ukaguzi upo, sikatai, ila mkaguzi anaona kile anachoonyeshwa siku ile.

Sultani wa Tofaa
Moja tu hiyo. Google Play ni kila wiki.

Mwanamaji
Nimerudi. Fundi, majibu:

1. A ndiyo, ina neno la tangazo. Sikuliona mwanzo.
2. Nilipata meseji kutoka benki. Na meseji ina kiungo, nikibonyeza kinafungua A.
3. Ya zamani ninayo, inafanya kazi.
4. Jina la benki nimelibadilisha:

```
A: com.benkifulani.mobile
B: com.jinalazamani.retail
C: com.howto.guides.bf
```

Kipanga
Si nilisema? A ina jina la benki kamili. Hiyo B hata jina la benki haina. Na meseji imetoka benki yenyewe.

Fundi Saini
Kipanga, kuangalia kitambulisho ni sawa, ila umekisoma kinyume. Programu ikishachapishwa, kitambulisho chake hakibadilishwi tena maisha yake yote. Benki ikibadili jina au ikiungana na nyingine, itabadili nembo na rangi, lakini `com.jinalazamani` itabaki palepale. Mwanamaji, benki yenu iliwahi kuitwa jina lingine?

Tapeli kwa upande wake anaanza leo, kwa hiyo anachagua kitambulisho kizuri ambacho hakina mwenyewe. Unadhifu wake hauthibitishi chochote.

Halafu hiyo meseji. Jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na simu inapanga meseji kwa jina hilo, kwa hiyo ya uongo inakaa chini ya zile za kweli za miezi yote iliyopita. Kuiona kwenye mazungumzo yaleyale si ushahidi.

Mwanamaji
Kweli, iliitwa jina lingine kabla ya kuungana. Na hilo ndilo jina lililo kwenye B. Duh.

Mama Pili
Subirini niwaeleze yaliyompata mdogo wangu, maana naona yaleyale. Aliletewa kiungo, kikamfikisha dukani kabisa, si tovuti ya ajabu. Nembo sawa, rangi sawa. Alipofungua, skrini ya kwanza ikataka namba ya simu na namba ya siri. Ya pili ikataka namba ndefu ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma. Ya tatu ikataka PIN ya kadi, ile ya mashine ya kutolea pesa! Akaweka. Ikaja meseji ya namba ya uthibitisho, akaiweka pia. Kisha ikaandika "Tunaboresha mfumo, jaribu tena baada ya saa 24", na hapo ikaganda. Yeye akaona ni mtandao, akaweka simu mfukoni. Kumbe zile saa 24 ndizo walizokuwa wanazitaka. Kesho yake asubuhi salio lilikuwa limebaki la kulipia makato tu. Benki wakamwambia muamala ulithibitishwa kwa namba aliyopokea yeye mwenyewe, kwa hiyo hawana cha kurudisha. Tumezungushwa mpaka tukachoka.

Kilichoniuma ni kwamba alipoifungua mara ya pili haikuonyesha salio wala jina lake, kila bonyezo lilimrudisha kwenye fomu. Hata picha ya orodha ya miamala haikuwa inasogea.

Bi Mkubwa
Poleni sana mama. Ndiyo maana mimi nyota na reli.

Kipanga
Pole dada. Basi kanuni ni moja: programu yoyote ikiomba kusoma meseji zako, ni ya wizi. Futa.

Fundi Saini
Hiyo kanuni itakufutia hata ya benki, mkuu. Zipo benki za kweli ambazo programu yake inatuma au kusoma meseji ili kuhakikisha laini iko ndani ya simu hiyohiyo. Cha kukushtua zaidi ni programu ya "benki" inayokutaka uende kwenye mipangilio uiwashie ufikivu. Ikipewa hiyo inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Ila ya mdogo wake Mama Pili haikuhitaji ruhusa hata moja, ilikuwa fomu tupu. Kutoomba ruhusa hakuisafishi programu.

Mwanamaji, fanya hivi. Usianzie kwenye kutafuta, anzia kwenye ile unayoijua. Programu ya zamani inafanya kazi na inaonyesha salio lako halisi, kwa hiyo ni ya benki. Ibonyeze kwa muda mrefu, ingia kwenye maelezo ya programu, shuka chini mpaka kiungo cha kuifungua dukani. Ukifika dukani bonyeza jina la msanidi. Utaona programu zote za akaunti hiyo. Kama A au B ni ya benki, inatakiwa iwe humo.

Usilinganishe jina la msanidi kwa macho. Mwaka 2017 kulikuwa na WhatsApp bandia Google Play ambayo msanidi wake alisomeka "WhatsApp Inc." sawasawa na wa kweli. Waliongeza herufi isiyoonekana mwishoni mwa jina. Ilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja. Ndiyo maana nasema ubonyeze, usisome.

Sultani wa Tofaa
Milioni moja! Na mnanibishia mimi.

Mwanamaji
Nimebonyeza. Kwenye akaunti ya msanidi wa ile ya zamani kuna ya zamani yenyewe, B, na nyingine ya wafanyabiashara. A haimo. Nikabonyeza msanidi wa A: ana A na tochi. TOCHI.

Lakini kwenye ukurasa wa A, sehemu ya tovuti wameweka tovuti ya kweli kabisa ya benki. Hilo linanichanganya.

Fundi Saini
Hiyo sehemu inajazwa na msanidi mwenyewe, anaweza kuandika tovuti ya yeyote. Kiungo kutoka dukani kwenda benki hakithibitishi kitu, cha kutoka benki kuja dukani ndicho chenye uzito. Chapa kwa mkono anwani iliyo nyuma ya kadi yako, kisha ongeza hivi mwishoni:

```
/.well-known/assetlinks.json
```

Benki nyingine huweka faili hapo linalotaja programu zao. Tafuta `package_name`.

Mwanamaji
Limefunguka. Lina kitambulisho kimoja tu, cha ile ya zamani. B haipo.

Kipanga
Kwa hiyo B nayo ni feki?

Fundi Saini
Hapana, ukosefu wake hausemi hivyo. Wengi hawana faili hilo kabisa, na walio nalo husahau kuliongezea. Likitaja programu ni ushahidi mzuri, lisipoitaja huna jibu. B ina akaunti moja na ile ya zamani, kwangu hiyo inatosha. Na hizo nyota 2.9, soma malalamiko: "namba ya uthibitisho haifiki", "nimebadili simu imenigomea". Hao wana akaunti kweli. Soma za A sasa.

Mwanamaji
"Nzuri sana." "Programu bora." "Nzuri." Zote za wiki moja.

Zuhura
Naomba nidandie. Mimi natumia pochi ya sarafu za kidijitali, nimeona kuna programu inaitwa WalletConnect. Niipakue?

Fundi Saini
Dada Zuhura, WalletConnect ni njia ya kuunganisha pochi na tovuti, si pochi. Mwaka 2024 watafiti wa Check Point walieleza programu bandia ya jina hilo iliyokaa Google Play karibu miezi mitano, ikapakuliwa zaidi ya mara 10,000 na kuiba takriban dola 70,000. Ilianza ikiwa kikokotoo. Kwa pochi fuata kiungo cha tovuti ya watengenezaji wenyewe, na popote utakapoombwa maneno yako 12 na programu uliyoipata kwa kutafuta, simama.

Zuhura
Lakini pochi yangu nilipoihamishia simu mpya iliniomba hayo maneno, na ni ya kweli. Nitatofautishaje?

Mwanamaji
Nimepiga namba ya nyuma ya kadi. Wamesema programu mpya ipo, lakini hawajui habari ya kufunga ya zamani mwisho wa mwezi. Nikawauliza kitambulisho cha B, dada akaniambia "tafuta tu jina letu dukani, itakuja ya kwanza". Nikamwambia ya kwanza ni ya tochi. Akaniweka kwenye muziki.

Kipanga
😂😂 A umeiripoti?

Mwanamaji
Nimeiripoti, bado ipo. Nabaki na ya zamani kwanza.

Mama Pili
Na C je? Hiyo ya mwongozo?

Bi Mkubwa
Mwongozo wa kupiga nyota na reli nitawapa bure.