Dairekta kashuti kwenye mvua Kibosho, lawama zote kwa mtu wa sauti!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tulikuwa Kibosho siku mbili. Sini moja ndiyo imeniletea balaa: mama na mwanawe wanagombana barazani, nyumba ya mabati, migomba pande zote. Nilimwambia dairekta mapema kwamba huu ni Aprili, tuwe na sini ya ndani ya kukimbilia. Jibu lake: "Mvua inaleta hisia."

Siku ya kwanza mvua ikaanza saa nne asubuhi. Badala ya kuanza na shoti pana, akaanza na nyuso! Kijana akapigwa mistari yake yote huku mabati yanalia juu yetu, kisha tukafunga kazi. Kesho yake jua kali, Kibo inaonekana mpaka theluji yake. Ndipo akapiga uso wa mama na shoti pana. Sasa edita akikata, kijana yuko kwenye mvua, mama ana jua usoni, kijana mvua, mama jua. Sauti nayo hivyo hivyo, mabati yananguruma, yananyamaza, yananguruma.

Dairekta kanipigia jana: "Safisha sauti." Nisafishe nini? Ile kelele imekaa juu ya maneno yenyewe. Nikiikamua, kijana anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Mchaga_wa_Mjini: Pole. Ila na wewe, si ungemvalisha kijana maiki ya kifuani? Inakuwa karibu na mdomo, mvua haisikiki.

Mzee_wa_Bumu: Inapungua, haiishi. Na shati likilowa linakwaruza maiki kila akipumua. Mleta uzi, mabati uliyafunika?

Mleta uzi: Nilipandisha magunia na godoro la sponji juu ya baraza. Tone likiangukia sponji halipigi bati, kelele ikashuka kweli. Dairekta akasema godoro linaonekana pembeni ya fremu, likashushwa. Nilitaka kulia.

Dada_wa_Rau: Mimi send-off yangu ilinyeshewa Njiro, mpiga video akaniambia kamera imekufa na hela hakurudisha. Nimshtaki?

Mchaga_wa_Mjini: Dada, fungua uzi wako. Ila kamera ikilowa itie kwenye mchele, inapona.

Mzee_wa_Bumu: Mchele uacheni upikwe. Kamera ikilowa izime hapo hapo, toa betri na kadi, ifute, fungua vifuniko vyote, iache mbele ya feni, na usiijaribu kuwasha kuona kama imepona. Hapo ndipo watu wanaziua. Mleta uzi, yenu ilisalimika?

Mleta uzi: Mvua haikuigusa, tuliivika mfuko wa nailoni, tukaacha tundu la lenzi na taulo juu. Kilichotukuta ni ukungu. Ililala ndani ya gari, baridi ya Kibosho mnaijua, asubuhi kijana wa kamera akaingia nayo moja kwa moja jikoni kwa mama mwenye nyumba, chai inachemka. Lenzi ikawa nyeupe. Akaanza kuifuta na shati! Akifuta, inarudi. Nilimwambia airudishe kwenye begi, afunge zipu, asubiri ipate joto humo humo. Dakika arobaini zikapotea.

Mzee_wa_Bumu: Alipaswa kuingia na begi lililofungwa tangu mwanzo. Haya, tuokoe sini. Sauti ya mama ni safi?

Mleta uzi: Safi, kuku tu kwa mbali.

Mzee_wa_Bumu: Basi usiondoe mvua kwa kijana, iongeze kwa mama. Ulirekodi mabati matupu, hakuna anayeongea?

Mleta uzi: Dakika mbili, wakati wanabishana kuhusu godoro. Katikati kuna bodaboda moja inapanda mlima.

Mzee_wa_Bumu: Kata bodaboda, mvua iliyobaki itandike chini ya sini nzima bila kukatika. Kijana mwite arudie mistari yake ndani ya gari lililozimwa, maiki karibu, huku anasikiliza alivyosema siku ile. Usimruhusu anong'one, siku ile alikuwa anapigania sauti na mabati.

Mleta uzi: Na jua usoni kwa mama?

Mzee_wa_Bumu: Hilo si la sauti. Dairekta arudie uso wa mama tu, shuka jeupe juu yake kukata jua, ukuta na sakafu vimwagiwe maji, rangi ya kamera ifungwe, isijirekebishe yenyewe. Shoti pana la jua litupwe.

Mchaga_wa_Mjini: Au edita aweke matone ya kompyuta.

Mzee_wa_Bumu: Matone ataweka. Kivuli cha mgomba kwenye shavu la mama atakipeleka wapi?

Mleta uzi: Nimempelekea dairekta yote hayo. Kajibu kwamba mama karudi Dar, na nauli nitoe mimi.